Modeli ikikwambia asilimia 98, imekuahidi nini?

(Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wetu wa watu wa data. Naiweka yote hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na picha za ukutani nimeziacha, maneno yanatosha.)

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi mliokubali kusogea viti vya mbele. Naingia moja kwa moja kwenye swali.

Modeli imepewa picha ya doa la ngozi. Imejibu "la kawaida", na pembeni ikaandika asilimia 98. Hiyo 98 ni ya nini?

Nimeuliza swali hili sehemu nyingi na majibu huwa yaleyale. Mmoja anasema ni usahihi wa modeli kwenye majaribio. Hapana, usahihi ni namba moja ya modeli nzima, hii ni ya picha hii moja. Mwingine anasema ni kiasi modeli inavyojiamini. Sawa, lakini kujiamini kwa mashine ni kitu gani? Unakipimaje? Ukiambiwa 98 badala ya 90, ufanye nini tofauti?

Jibu langu ni hili: hiyo 98 ni ahadi, na ahadi yenyewe haihusu picha moja, inahusu kundi. Modeli inasema hivi, nikusanyie picha zote nilizowahi kuziandikia 98, katika kila 100 nitakuwa nimepatia 98 na nimekosea 2. Basi. Ikitimiza ahadi hiyo kwa 98, na kwa 70, na kwa 55, tunasema modeli ina kalibresheni nzuri. Isipotimiza, hizo asilimia ni mapambo tu pembeni ya jibu.

Waliolifikiria jambo hili kabla yetu ni watu wa hali ya hewa. Mtabiri akisema kesho kuna uwezekano wa asilimia 70 wa mvua, halafu kesho isinyeshe, je alikosea? Huwezi kusema. Ikinyesha, je alipatia? Pia huwezi kusema. Siku moja haikwambii kitu. Lakini chukua siku zote alizosema 70, hesabu ngapi zilinyesha. Kama ni 7 katika 10, huyo mtu anajua anachosema. Kama ni 4 katika 10, huyo anatia chumvi. Mwaka 1950 mtaalamu wa hali ya hewa Mmarekani, Glenn Brier, alitoa kipimo ambacho mpaka leo tunakitumia kwa jina lake: chukua uwezekano uliotajwa, toa kilichotokea (1 kama imenyesha, 0 kama haijanyesha), zidisha tofauti kwa yenyewe, halafu tafuta wastani wa siku zote. Ukisema 0.7 na ikanyesha unapata adhabu ya 0.09, isiponyesha unapata 0.49. Anayejiamini bure analipa sana, na ndivyo inavyotakiwa.

Ila nitoe tahadhari moja mapema, maana wapo watakaotoka hapa wakidhani kalibresheni ndiyo kila kitu. Mahali ambapo mvua hunyesha siku 30 katika 100, mtabiri anayesema "asilimia 30" kila siku ya Mungu ana kalibresheni safi kabisa. Hana kosa hata moja kwenye ahadi yake. Na hana faida yoyote kwa mtu! Kwa hiyo tunataka vyote viwili, modeli itofautishe siku na siku, na inapotofautisha iseme kweli. Leo nazungumzia hicho cha pili kwa sababu ndicho kinachosahaulika.

Sasa turudi kwenye modeli yetu ya ngozi, na tuikae nayo. Namba nitakazotumia nimezipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike, lakini umbo lake mtalikuta kwenye kazi zenu.

Tuna picha 1,000 ambazo modeli haijawahi kuziona na majibu yake tunayajua kutoka maabara. Majibu ni mawili tu, la kawaida au la hatari, kwa hiyo uhakika wa modeli kwenye jibu ililochagua hauwezi kushuka chini ya 50. Tunachofanya ni kuzipanga picha kwenye mafungu kwa uhakika wake: fungu la 50 hadi 60, la 60 hadi 70, mpaka la 90 hadi 100. Kwenye kila fungu tunauliza maswali mawili tu. Kwa wastani modeli ilisema ngapi? Na kweli ilipatia ngapi?

Fungu la kwanza lina picha 80, modeli ilisema 55, ilipatia 42, yaani asilimia 52 na nusu. La pili picha 90, ilisema 65, ilipatia 54, asilimia 60. La tatu picha 100, ilisema 75, ilipatia 66. La nne picha 130, ilisema 85, ilipatia 96, hiyo ni kama asilimia 74. Na la mwisho ndilo kubwa, picha 600, ilisema 98 kwa wastani, ilipatia 540. Asilimia 90.

Chora sasa. Mhimili wa chini ni kile modeli ilichosema, mhimili wa wima ni kile kilichotokea, weka nukta moja kwa kila fungu, halafu piga mstari wa mshazari kutoka pembe ya chini kushoto mpaka ya juu kulia. Huo ndio mchoro wa uaminifu. Nukta ikikaa kwenye mshazari, ahadi imetimia. Ikikaa chini ya mshazari, modeli imejisifu kuliko inavyostahili. Ikikaa juu, modeli ina woga, inajua kuliko inavyosema. Hapa nukta zetu zote tano ziko chini. Zote tano!

Ukichukua pengo la kila fungu, ukalipa uzito wa idadi ya picha zake, unapata wastani wa pengo, kwetu hapa ni 7.8. Modeli ilisema kwa jumla 87.6, ikapatia 79.8. Watu wengi wanaandika hiyo 7.8 kwenye ripoti na kufunga kompyuta. Mimi nawaomba msifunge, mrudi mkaangalie fungu la mwisho kwa macho yenu.

Kwenye fungu la mwisho modeli iliahidi kupatia 98 katika 100. Kwa picha 600 hayo ni makosa 12. Yametokea mangapi? 60. Mara tano ya ilivyoahidi. Wenzangu, hapa ndipo ninapotaka mkae, kwa sababu kazi nzima huwa inajengwa juu ya fungu hili. Mtu anasema picha zenye uhakika wa zaidi ya 90 zipite zenyewe, zilizobaki 400 apitie daktari. Inaonekana ni busara, si ndio? Modeli hii ina makosa 202 kwa jumla, 142 yako kwenye zile 400 ambazo daktari ataziona na ana nafasi ya kuyakamata, na 60 yamepita mlango ambao hakuna jicho la mtu. Aliyeweka kile kizingiti cha 90 alikuwa anahesabu makosa 12. Hakuwa mzembe, aliamini namba iliyoandikwa kwenye skrini.

Kwa hiyo mtu akikuletea modeli na kukwambia usahihi wake ni karibu 80 au 90 au 95, swali lako la pili liwe, je makosa yake yamekaa wapi? Makosa yanayokuja na uhakika wa 55 yanajitangaza yenyewe. Makosa yanayokuja na uhakika wa 98 hayapigi hodi.

Sasa kwa nini modeli inakuwa hivi? Maana hakuna aliyeifundisha kujisifu.

Hebu tuangalie inavyofundishwa. Kila picha ya mafunzo modeli inapewa adhabu kulingana na uwezekano ilioupa jibu sahihi, adhabu ni logi asilia ya uwezekano huo ikiwa na alama ya kutoa mbele yake. Jibu sahihi likipewa 0.9 adhabu ni 0.105. Likipewa 0.99 adhabu ni 0.010. Likipewa 0.999 ni 0.001. Mmeona? Picha ilishapatiwa tangu kwenye 0.9, hakuna jibu jipya la kujifunza hapo, ila adhabu bado inashuka kila modeli inapoongeza sauti. Na modeli kubwa ya siku hizi ina uwezo wa kuzipatia karibu picha zote za mafunzo, nyingine inazikariri kabisa. Ikishazipatia zote, kitu pekee kilichobaki cha kupunguza adhabu ni kuongeza sauti, basi inaongeza, na inaongeza tena. Kwenye dunia ya mafunzo haikosei, kwa hiyo kule 99.9 ni kweli tupu. Ikitoka nje inaendelea na sauti ileile mahali ambapo inakosea mara 1 katika 10.

Hili lilionyeshwa vizuri mwaka 2017 na Chuan Guo na wenzake. Walichukua mtandao wa neva mdogo wa zamani, LeNet wenye tabaka 5, na mkubwa wa kisasa, ResNet wenye tabaka 110, wakaupa kila mmoja picha zilezile za mkusanyiko wa CIFAR-100. Ule wa zamani ulikuwa unakosea zaidi, lakini ulichosema kilikaribiana na kilichotokea. Ule mkubwa ulikosea kidogo kuliko mwenzake, ila uhakika wake ulipaa juu mbali na usahihi wake. Yaani tumepata modeli zinazopatia zaidi na zinazojipima vibaya zaidi, kwa wakati mmoja. Wakaonyesha pia kwamba wakati wa mafunzo kuna kipindi makosa kwenye picha za majaribio yanaendelea kupungua huku ile adhabu ya logi kwenye picha hizohizo inaanza kupanda. Anayeangalia usahihi peke yake anaona mambo yananoga tu.

Na dawa waliyoiona inafaa ni ndogo mno, nadhani ndiyo maana watu wanaidharau. Kabla modeli haijatoa asilimia huwa ina skoa ghafi, namba ya kawaida tu inayoweza kuwa kubwa au ndogo. Chukua hiyo skoa, igawanye kwa namba moja T, halafu ndio uigeuze kuwa asilimia:

```
p = 1 / (1 + exp(-z / T))
```

Hiyo T wanaiita joto. T ikiwa 1 hakuna kilichobadilika, ikizidi 1 modeli inapunguza sauti. Unaitafuta kwa kutumia picha zenye majibu ambazo hazikutumika kwenye mafunzo, unajaribu thamani mbalimbali mpaka upate inayoshusha adhabu ya logi chini kabisa. Tafadhali, nasema tafadhali, usiitafute kwenye picha za mafunzo. Kule modeli inapatia karibu zote, kwa hiyo itakwambia sauti iko sawa au hata iongezwe. Na usiitafute kwenye picha zilezile utakazochorea mchoro wa mwisho, maana hapo unajisahihishia mtihani wako mwenyewe.

Kwa modeli yetu T inatoka kama 1.77. Uhakika wa 98 una skoa ya 3.89, gawanya kwa 1.77 unapata 2.2, igeuze, ni 90. Ile 85 inakuwa 73, na kweli ilikuwa 74. Ile 75 inakuwa 65, kweli ilikuwa 66. Ile 65 inakuwa 59, kweli 60. Namba moja tu, na nukta zote tano zimepanda karibu na mshazari.

Ila sikilizeni jambo ambalo joto halifanyi. Halibadilishi jibu hata moja. Kila skoa imegawanywa kwa namba ileile, iliyokuwa juu imebaki juu. Usahihi ulikuwa 79.8, umebaki 79.8. Makosa yale 60 yapo, hayajaenda popote, kilichobadilika ni kwamba sasa yamekaa kwenye kundi linalosema ukweli kuhusu nafsi yake. Ukiweka kizingiti cha 98 leo, picha itakayopita ni ile iliyokuwa 99.9 ya zamani, nyingine zote zinaenda kwa daktari. Hiyo ndiyo faida, na si ndogo.

Zipo njia nyingine pia. John Platt mwaka 1999 alipendekeza namba mbili badala ya moja, ya kugawanyia na ya kusogezea. Ipo na ya ngazi, isiyotaka umbo lolote maalumu, inayohakikisha tu mstari haushuki, hiyo inahitaji data nyingi, ukiipa picha 100 itakariri vidato vyake. Mimi naanza na joto, nikiona mchoro bado umepinda ndio nasogea kwingine.

Jambo la tatu, na hili limewaumiza watu wengi kuliko hilo la sauti. Modeli inaweza kuwa na mchoro mzuri kabisa maabara, halafu ikahamishwa mahali pengine na kila asilimia yake ikawa uongo, bila mtu kugusa hata mstari mmoja wa programu.

Inatokeaje? Madoa ya hatari ni machache. Timu inayofundisha modeli inahangaika kuyapata, ikiyapata inachagua na ya kawaida idadi ileile ili modeli ijifunze vizuri, nusu kwa nusu. Hakuna ubaya. Mchoro wanauchora kwa data hiyohiyo ya nusu kwa nusu na nukta zinakaa kwenye mshazari, wanapongezana. Halafu modeli inapelekwa kupima watu wa kawaida ambao wenye doa la hatari ni 2 katika 100.

Modeli sasa inasema "hatari, asilimia 90". Ni kweli ngapi? Tuhesabu pamoja, hesabu yenyewe ni ya vidole. Maabara, katika picha 10 zilizopewa 90, madoa ya hatari yalikuwa 9 na la kawaida 1. Kule kila la hatari lilikuwa na la kawaida 1 mwenzake. Huku nje kila la hatari lina ya kawaida 49. Madoa yenyewe yanafanana na yale ya maabara, kilichobadilika ni wingi tu, kwa hiyo lile 1 la kawaida lililodanganya modeli sasa yako 49. Hatari 9, kawaida 49, jumla 58. Tisa kwa 58 ni asilimia 15 na nusu!

Rudia tena kichwani. Skrini inasema 90, ukweli ni 15 na nusu. Na ikisema 99? Hatari 99 dhidi ya kawaida 49, ni asilimia 67. Modeli haijaharibika, imebaki kujibu swali la maabara wakati wewe unauliza swali la kliniki.

Je, joto linasaidia hapa? Halisaidii. Joto linazungukia kwenye 50, aliyekuwa 50 atabaki 50 hata ugawanye kwa ngapi. Na picha iliyopewa 50 maabara, huku nje ukweli wake ni 1 dhidi ya 49, asilimia 2. Hapa inatakiwa kusogeza skoa zote chini kwa kiasi kimoja, kwa mfano wetu ni logi asilia ya 49, ambayo ni 3.89. Unafanya hivyo kama unajua wingi halisi wa kule uendako, na kama una hakika kwamba madoa yenyewe hayajabadilika sura. Kama huna hakika, omba picha mia kadhaa za hukohuko zenye majibu ya maabara, chora upya.

Na kuna njia rahisi ya kulinusa tatizo hili hata kabla ya kuchora chochote. Jumlisha uwezekano wote wa "hatari" uliotolewa wiki nzima. Jumla hiyo ndiyo idadi ya madoa ya hatari ambayo modeli inasema yamepita. Ikisema 160 na maabara imethibitisha 20, unahitaji ushahidi gani tena?

Hapa niweke neno la kiufundi kwa wanaoandika programu, maana naona wengi wanachanganya. Mchoro niliouanza nao unatumia uhakika wa jibu lililochaguliwa, liwe lolote. Mchoro wa `calibration_curve` kwenye scikit-learn unatumia uwezekano wa daraja moja, kwa mfano "hatari", na unauliza hatari zilikuwa ngapi kweli. Mhimili wake unaanza sifuri, hauanzii 50, na tatizo la wingi linaonekana humo waziwazi, mstari mzima unazama chini ya mshazari kama kamba iliyolegea. Kwenye ule wa kwanza unaweza usilione, kwa sababu majibu mengi ya "kawaida" yanaufunika.

Nimalizie na yale ambayo mchoro hauwezi kukuonyesha, au unakuonyesha vibaya.

La kwanza ni uchache. Fungu lenye picha 600 lililopatia asilimia 90 linaweza kucheza kwa bahati tu kama pointi 2 na nusu kila upande. Lile fungu letu la kwanza lenye picha 80 linacheza pointi 11. Kwa hiyo ile tofauti ya 55 na 52 na nusu, naomba asiijengee mtu nadharia. Fungu likiwa na picha 10, hiyo nukta usiisome kabisa. Wengi wanagawa mafungu kwa upana sawa, kisha wanashangaa nukta za katikati zinaruka ovyo. Ukitumia `strategy="quantile"` kila fungu linapata idadi sawa ya picha na mchoro unatulia.

La pili, mchoro unajua tu picha ulizouwekea. Mpe modeli picha ya meza. Ina majibu mawili tu, kawaida na hatari, na lazima yafike 100 kwa jumla, haina mahali pa kuandika "hiki si ngozi". Itachagua moja, na inaweza kulichagua kwa 99. Matthias Hein na wenzake walionyesha mwaka 2019 kwamba mitandao ya aina inayotumika sana inaweza kuongeza uhakika kadiri unavyokwenda mbali na data iliyofundishwa nayo, wakati sisi tungetarajia ipungue. Hakuna T itakayokuokoa hapo, unahitaji mlinzi mwingine mlangoni wa kuangalia kama picha ni ya ngozi.

La tatu ndilo lililonifanya niwashikilie muda wote huu. Kumbukeni lile fungu la picha 600. Tumelipoza kwa T yetu, sasa linasema 90 na linapatia 90, nukta imekaa kwenye mshazari kabisa. Tumemaliza?

Ligawe kwa kamera. Picha 300 zilipigwa kwa kamera mpya, 300 kwa kamera ya zamani. Za kamera mpya modeli ilipatia 294. Za kamera ya zamani ilipatia 246. Jumla 540, sawasawa na mwanzo. Lakini 294 kwa 300 ni asilimia 98, na 246 kwa 300 ni asilimia 82. Hakuna kundi hata moja ambalo 90 ni kweli kwake! Ule mshazari mzuri ulikuwa wastani wa nusu yenye woga na nusu yenye majigambo.

Na angalieni jambo jingine. Kabla hatujapoza, modeli ilisema 98. Kwa kamera mpya ilikuwa inasema kweli tupu, makosa 6 katika 300, kama ilivyoahidi. Makosa 54 kati ya yale 60 yote yalitoka kwenye kamera ya zamani. Sisi kwa T yetu moja ya 1.77 tulimnyamazisha aliyekuwa mkweli ili kumfunika aliyekuwa anatia chumvi, tukaona mchoro umenyooka tukafurahi.

Kwa hiyo hapo unatafuta T mbili. Kwa fungu hili la juu, ya kamera mpya inatoka 1, yaani usiguse kitu, ya zamani inatoka kama 2.6, na picha zake zinashuka mpaka 82. Kizingiti cha 90 kikibaki palepale, zile 300 za kamera mpya zinapita na makosa 6, na karibu zote za kamera ya zamani zinakwenda mezani kwa daktari, zikiwa na makosa yale 54 ndani yake.